Saa janja isiyo na chaja: mgongo wake husema zaidi ya jina lake

Katika mitaa yetu ya Waswahili, kuanzia Buyenzi mjini Bujumbura hadi Nyamirambo mjini Kigali, saa janja na bangili za mazoezi hufika kwa njia nyingi. Nyingine huletwa na ndugu aliyeko Dubai au Maskati, nyingine hununuliwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, na nyingine hupita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla ya kumfikia anayeivaa. Mara nyingi saa hufika na chaja hubaki njiani. Hapo ndipo matatizo huanza, kwa sababu chaja ya simu haiwezi kuziba pengo hilo, na chaja ya saa ya jirani, hata ikifanana kwa macho, huenda isifae.

Msikilizaji huenda akajiuliza kwa nini jambo hili limekuwa gumu hivi wakati simu nyingi za sasa hutumia waya wa aina moja. Jibu limo katika udogo wa saa. Umoja wa Ulaya ulipoamuru kwamba simu, tableti, kamera na vifaa vingine vinavyouzwa katika soko lake vitumie tundu moja la chaja, yaani USB-C, amri iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024, saa janja hazikuwekwa katika orodha hiyo. Saa haina nafasi ya kutosha kwa tundu, na tundu hupitisha maji na jasho. Kwa hiyo kila kiwanda kimebaki na njia yake ya kuingiza umeme, na wakati mwingine kiwanda kimoja hubadilisha njia hiyo toleo hadi toleo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua saa iliyozimika, isiyo na boksi wala karatasi, kwa kutazama mambo matatu: maandishi na vihisi vilivyo mgongoni, jinsi mkanda unavyoshikamana na mwili wa saa, na vitone vya chuma vinavyopokea umeme. Tutaona kwamba kati ya hayo matatu, vitone vya chuma ndivyo vyenye neno la mwisho.

Anza na simu, kisha mgongo

Kabla ya kuigeuza saa, fungua simu iliyokuwa ikiunganishwa nayo. Saa ikizimika, jina lake halifutiki katika orodha ya Bluetooth ya simu hiyo. Nenda kwenye mipangilio ya simu, fungua orodha ya vifaa vilivyowahi kuunganishwa, na huenda ukakuta jina kama Mi Smart Band 5 au Versa 3. Jina hilo peke yake laweza kuwa limemaliza kazi yote. Kama saa ilikuwa ya mtu mwingine, mwombe aangalie katika simu yake.

Simu isiposaidia, geuza saa chini ya mwanga mkali unaotoka ubavuni, si wa kutoka juu. Maandishi ya mgongoni huwa madogo mno na mara nyingi hayana rangi tofauti na plastiki yenyewe, hivyo mwanga wa ubavuni ndio unaoyafanya yaonekane. Njia rahisi ni kupiga picha kwa simu kisha kuikuza. Unachotafuta ni namba ya modeli. Saa nyingi za Samsung huandikwa namba inayoanza na SM-R. Saa za Apple huwa na namba inayoanza na herufi A ikifuatiwa na tarakimu nne, ama mgongoni ama ndani ya mfereji ambamo mkanda huingia, hivyo yafaa kuuondoa mkanda kwanza. Bangili za Xiaomi za miaka ya nyuma zina namba zinazoanza na XMSH: ya Mi Band 4 ni XMSH07HM, ya Mi Band 5 ni XMSH10HM, na ya Mi Band 6 ni XMSH15HM.

Namba kamili ya modeli ina thamani kuliko jina la kiwanda. Kusema "ninataka chaja ya Fitbit" hakutoshi, kwa kuwa chaja ya Versa 2 haiingiliani na Versa 3, ilhali Versa 3 na Sense, ambazo majina yake hayafanani kabisa, hutumia chaja moja. Vivyo hivyo kwa Huawei: Band 4 huchajiwa kwa kichwa cha USB kilichomo ndani ya bangili yenyewe, lakini Band 4 Pro inahitaji chaja ya pembeni ya kubana. Neno moja dogo, Pro, limebadilisha kila kitu.

Vihisi na vitone si kitu kimoja

Katikati ya mgongo wa saa karibu zote kuna dirisha la kioo au plastiki lenye taa ndogo za kijani. Hicho ni kihisi cha mapigo ya moyo. Taa humulika ngozi, na kijicho kilicho kando yake hupima kiasi cha mwanga unaorudi, ambacho hubadilika kila damu inapopita. Kihisi hiki hakipokei umeme wa kuchaji, na wingi wa taa zake hauonyeshi aina ya chaja. Saa mbili zenye taa zinazofanana kabisa zaweza kuwa na chaja tofauti.

Hata hivyo, eneo linalozunguka kihisi ndilo linalotuelekeza katika moja ya jamii tatu.

Jamii ya kwanza ni ya saa zisizo na chuma chochote cha kupokea umeme. Mgongo wake ni mviringo laini uliobinuka kidogo. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba, na chaja yake ni kisahani cha sumaku chenye koili nyingine. Umeme hupita baina yao bila kugusana. Saa za Apple ziko hapa, na saa nyingi za Samsung za jina la Galaxy Watch pia. Baadhi ya saa hizi, zile zenye uwezo wa kupima umeme wa moyo, huwa na vipande vya chuma mgongoni. Tofauti yake ni kwamba vipande hivyo ni vipana, huchukua umbo la pete au la nusu duara, na hulala sawasawa na kioo. Hivyo ni vya kugusa ngozi, si vya kuchajia. Kuna pia saa za bei nafuu zilizotengenezwa kwa sura ya Apple ambazo hutumia kisahani cha namna hii. Sura isikudanganye: chaja halisi ya Apple huenda isizitambue kabisa, na chaja zake huenda zisiitambue saa halisi ya Apple.

Jamii ya pili ni ya bangili zenye kichwa cha USB kilichofichwa. Mgongoni huoni vitone wala huoni kisahani. Shika mkanda karibu na mwili wa bangili na uuvute taratibu kufuata urefu wake, upande mmoja kisha wa pili. Upande mmoja utachomoka na kuonyesha ulimi bapa wenye mistari minne ya rangi ya dhahabu. Huo huchomekwa moja kwa moja kwenye kichwa cha chaja ya simu chenye tundu pana la USB, yaani USB-A. Anayevaa bangili ya aina hii hana chaja ya kununua. Wako watu waliozunguka maduka wakitafuta chaja ambayo haipo duniani, kumbe ilikuwa chini ya mkanda. Jambo la kuangalia ni upande: mistari ya dhahabu lazima iguse mistari iliyo ndani ya tundu. Ikiwa bangili haionyeshi alama ya kuchaji, igeuze upande wa pili.

Jamii ya tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni ya saa zenye vitone vya chuma. Hapo ndipo makosa mengi hutokea, na hapo ndipo tutakaa kwa muda.

Mkanda husema umri wa bangili

Kabla ya kufika kwenye vitone, tuutazame mkanda, kwa kuwa katika bangili za Xiaomi ndio unaogawa matoleo. Katika Mi Band 2, Mi Band 3 na Mi Band 4, mwili wa bangili ni kipande kidogo kinachopachikwa ndani ya mkanda wa mpira. Ili kuchaji, lazima ukitoe kwenye mkanda na kukiweka katika kikalio, yaani kijisanduku kidogo chenye pini ndani yake. Kila toleo lina kikalio chake. Kikalio cha Mi Band 4 hakipokei Mi Band 3, hata kama kwa mbali vinafanana.

Kuanzia Mi Band 5, iliyotoka mwaka 2020, mwili bado hupachikwa ndani ya mkanda wa mpira, lakini vitone viwili viliwekwa mgongoni mahali ambapo havifunikwi. Chaja yake ni kipande kidogo cha sumaku kinachonasa bila kuuvua mkanda. Mi Band 5, Mi Band 6 na Band 7 ya kawaida hutumia chaja hiyo hiyo moja. Kisha mwaka 2023 ikaja Band 8, ambayo mkanda wake haupachikwi tena. Umegawanyika vipande viwili, kila kimoja kikinasa kwenye ncha moja ya mwili wa bangili. Pamoja na mkanda, chaja nayo ilibadilika, na ya Band 7 haiifai.

Kwa hiyo mwenye bangili ya Xiaomi iliyofutika maandishi anaweza kujiuliza maswali mawili tu. Je, mkanda ni mmoja ambao mwili hupachikwa ndani yake, au ni vipande viwili? Na kama ni mmoja, je, vitone vinaonekana bangili ikiwa imevaliwa mkanda wake, au hadi itolewe? Majibu ya maswali hayo yanampeleka karibu kabisa na chaja anayoihitaji.

Katika saa nyingine mkanda hausemi mengi. Saa nyingi hutumia mkanda wa upana wa milimita 20 au 22 unaofungwa kwa kijiti cha springi, na mkanda huo hubadilishwa kirahisi. Saa ya kiwanda kimoja yaweza kuwa imevaa mkanda wa kingine, na jina lililoandikwa kwenye mkanda au kwenye kifungo chake lisiwe jina la saa.

Umbali baina ya vitone

Sasa tufike kwenye saa ambazo hazina jina linaloeleweka, zile za mraba au za mviringo zinazouzwa kwa bei nafuu chini ya majina kumi tofauti ilhali zimetoka katika karakana moja. Kwa saa hizi, jina halina maana kubwa. Chaja zake huuzwa kwa vigezo viwili: idadi ya pini, na umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine.

Chaja za pini mbili zinazopatikana zaidi ni za umbali wa milimita 2.84 na za milimita 4. Zipo pia za pini nne, ambazo mara nyingi huandikwa milimita 7.62, na umbali huo hupimwa kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho. Tofauti kati ya 2.84 na 4 ni zaidi kidogo ya milimita moja, na jicho haliwezi kuiamua kwa uhakika. Rula nayo huishia kwenye milimita nzima. Lakini ipo njia ambayo haihitaji kifaa chochote zaidi ya rula na simu.

Weka saa kifudifudi mezani. Laza rula juu ya mgongo wake, ikigusana na vitone bila kuvifunika. Piga picha ukiwa juu kabisa, simu ikiwa sambamba na meza, maana picha ya kuinama hupotosha vipimo. Ikuze picha kwenye kioo cha simu, kisha kwa rula ya pili pima vitu viwili juu ya kioo hicho: urefu unaochukuliwa na milimita 10 za rula iliyo pichani, na umbali baina ya vitovu vya vitone viwili. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, kisha zidisha kwa 10.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mama muuza vitenge wa Buyenzi ambaye kaka yake amemtumia saa ya mraba kutoka Maskati. Saa ilifika imezimika. Haikuwahi kuunganishwa na simu yake, na kaka yake hakumbuki jina lake. Mgongoni kuna dirisha lenye taa mbili, maandishi ya kawaida kuhusu kuzuia maji, na vitone viwili vya rangi ya dhahabu karibu na ukingo. Mkanda ni wa milimita 20 na haumsaidii. Muuzaji wa vifaa vya simu anayo chaja moja ya pini mbili. Wanaijaribu: sumaku inanasa vizuri, na alama ya betri inatokea kwa sekunde mbili kisha inapotea. Wakiisogeza kidogo, inatokea tena, halafu inapotea.

Wengi wakiona hivyo husema betri ya saa imekufa. Lakini dalili hiyo ina maana nyingine. Sumaku imenasa kwa sababu karibu kila saa ya aina hii ina kipande cha chuma au sumaku mgongoni. Alama inatokea na kupotea kwa sababu pini moja imekaa barabara na ya pili inagusa ukingo tu wa kitone. Hiyo ni dalili ya umbali usiolingana.

Anapiga picha kama tulivyoeleza. Katika kioo cha simu, milimita 10 za rula zinachukua milimita 60. Vitovu vya vitone vimeachana kwa milimita 17. Kumi na saba gawanya kwa 60, zidisha kwa 10, jibu ni 2.83. Saa yake ni ya milimita 2.84. Kwa njia hiyo hiyo anaipima chaja ya muuzaji: milimita 24 katika picha ambamo milimita 10 ni 60. Jibu ni 4. Saa haina kosa na betri haina kosa. Chaja ndiyo si yake.

Kama angekubali kwamba betri imekufa, angeiacha saa nzima droo­ni, au angemlipa fundi aifungue. Saa hizi zimefungwa kwa gundi, na ikishafunguliwa mara nyingi haizuii maji tena.

Chanya na hasi

Kipimo kikilingana bado kuna jambo moja la hatari. Pini moja ya chaja ni chanya na nyingine ni hasi. Katika chaja iliyotengenezewa saa hiyo, sumaku hupangwa ili zinase upande mmoja tu na zisukumane upande wa pili, hivyo mtumiaji hawezi kukosea. Lakini chaja ya kiwanda kingine, hata ikiwa na umbali sahihi, yaweza kuwa imepangwa kinyume. Ikinasa, hupeleka chanya mahali pa hasi. Saa nyingine zina kinga ndani yake na hazitadhurika, nyingine hazina na huungua sehemu inayopokea umeme.

Kwa hiyo chaja ikisukumwa na saa, usiilazimishe kwa kidole wala kuifunga kwa mpira. Igeuze. Ikisukumwa pande zote mbili, si ya saa hiyo. Na kama inanasa pande zote mbili bila kuchagua, sumaku hazikulindi, basi usijaribu kwa kubahatisha. Mpelekee fundi mwenye mita ya kupimia umeme. Yeye atapima kwanza ni pini ipi ya chaja iliyo chanya, na kama chaja inatoa volti 5 zinazotakiwa, kisha atalinganisha na saa.

Jaribio la kwanza lifanyike ukiwa umekaa karibu. Tumia kichwa cha kawaida cha volti 5 na ampea 1, au tundu la kompyuta. Hakuna haja ya kichwa cha kuchaji haraka, kwa sababu betri hizi ni ndogo mno: ya Mi Band 5 ni ya mAh 125, wakati simu nyingi za leo zina mAh 4000 au 5000. Baada ya dakika tatu gusa mgongo wa saa. Joto dogo ni la kawaida, lakini ikiwa moto kiasi cha kutotaka kuigusa, iondoe mara moja. Saa iliyokaa miezi bila umeme yaweza kuchukua nusu saa kabla kioo hakijawaka, hivyo kutowaka mapema si ushahidi kwamba chaja haifai.

Jihadhari pia na chaja yenyewe. Pini zake ziko wazi na zina sumaku. Ikiachwa kwenye umeme juu ya meza, huvuta funguo, sindano au sarafu, na kitu hicho huunganisha chanya na hasi. Chaja hupata moto na huenda ikayeyuka. Ikimaliza kazi, ichomoe ukutani.

Chaja sahihi inapokataa

Kuna nyakati ambapo kila kitu kinalingana na saa bado haipokei umeme. Mambo mawili husababisha hali hiyo mara nyingi. La kwanza ni jasho. Chumvi ya jasho na mabaki ya sabuni huacha utando juu ya vitone, na baada ya muda utando huo hugeuka kutu ya kijani. Futa vitone na pini kwa kitambaa kilicholowekwa spiriti kidogo, kisha viache vikauke kabisa. Kutu ikiwa imekaza, tumia mswaki laini au ncha ya kijiti cha meno, kamwe si kisu wala msasa, kwa sababu rangi ya dhahabu iliyo juu ya kitone ni ngozi nyembamba, na ikitoka kutu hurudi upesi zaidi.

La pili huwakuta wanaotegemea betri ya mkononi, yaani pawabenki, pale umeme unapokatika. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zinapohisi kwamba kifaa kinavuta umeme mdogo sana, zikidhani kwamba simu imeshajaa. Saa huvuta umeme mdogo tangu mwanzo. Kwa hiyo huchaji kwa nusu dakika, pawabenki ikazimika, na mwenye saa akalaumu chaja. Jaribu kwenye umeme wa ukutani kabla ya kuhukumu.

Kuagiza kutoka mbali

Msikilizaji anayeagiza chaja kutoka Dar es Salaam au Kampala hawezi kuijaribu kabla ya kulipa, na nauli ya kuirudisha yaweza kuizidi bei yake. Kwa hiyo ujumbe wake kwa muuzaji ubebe kile ambacho muuzaji anaweza kukilinganisha na mzigo wake. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Habari za kazi, kaka. Natafuta chaja ya saa janja ya sumaku, pini mbili, umbali wa katikati hadi katikati ni milimita 2.84. Mgongoni hakuna jina. Nakutumia picha ya mgongo ikiwa na rula. Tafadhali nipigie picha ya chaja uliyonayo ikiwa na rula pia, kabla sijatuma pesa."

Kama saa ina namba ya modeli, itajwe mwanzoni, herufi kwa herufi. Kama ni Xiaomi isiyo na maandishi, elezea mkanda wake. Na kama muuzaji atajibu kwamba chaja yake "inaingia saa zote", aombwe vilevile picha yenye rula. Hakuna chaja ya pini inayoingia saa zote, kwa kuwa pini zilizopangwa kwa milimita 4 haziwezi kukaa juu ya vitone vilivyoachana kwa milimita 2.84, hata sumaku yake iwe na nguvu kiasi gani.